Kasha halipandi ubao: dalili, sababu na tiba za mteremko wenye msuguano

Injini ya dizeli ya kuendeshea kinu, ikiwa bado ndani ya kasha lake la mbao, ina kilo 120 hivi. Bodi ya gari dogo la mizigo iko sentimita 80 kutoka chini. Mnunuzi anakuja na vijana wawili na ubao wa mita 2.4, na hesabu yake anayo kichwani tangu shuleni: ubao ni mara tatu ya kimo, kwa hiyo kilo 120 zitageuka 40, na kilo 40 vijana wawili wanazimudu. Dakika kumi baadaye vijana wamelowa jasho, kasha liko pale pale, na mtu ananiuliza kama uzito ulioandikwa kwenye injini ni wa kweli.

Uzito ni wa kweli. Hesabu ndiyo iliyoachwa nusu, kwa sababu ilidhani ubao hausuguani na kasha. Nimepakia makasha ya aina hii miaka mingi, na malalamiko ninayoyasikia hayazidi matano. Nayapanga hapa kwa dalili, nikianza kila mara na sababu inayotokea zaidi. Nguvu naziandika kwa kilo kama tunavyozitaja kazini. Anayetaka nyutani azidishe kwa 10.

Kabla ya dalili yoyote: pima vitu vitatu

Chukua futikamba. Pima kimo, yaani kutoka chini hadi ubao unapolala kwenye bodi. Pima urefu wa ubao, kutoka unapogusa ardhi hadi pale pale kwenye bodi. Kipande kinachozidi kuingia ndani ya gari usikihesabu. Kisha pima kitako, yaani umbali wa ardhini kutoka ncha ya chini ya ubao hadi chini ya ukingo wa bodi. Kwa kisa chetu ni sentimita 80, mita 2.4 na takriban mita 2.26.

Kilichobaki ni kiwango cha msuguano, ambacho nitakiita k. Hakihitaji maabara. Tafuta sanduku dogo ambalo upande wake wa chini ni wa mbao kama ya kasha lako, liweke juu ya ubao ule ule, kisha inua ncha moja ya ubao polepole huku ukiligonga sanduku kidogo kwa kidole. Pale linapoanza kuteleza kwa mwendo wa taratibu bila kuongeza kasi, simamisha ubao na upime. Kimo gawanya kwa kitako ndiyo k yako. Sanduku kuwa jepesi hakuharibu kipimo, kwa sababu mzigo ukiongezeka msuguano nao huongezeka kwa uwiano ule ule. Mbao kavu juu ya mbao kavu hutoa kati ya 0.25 na 0.5. Ubao wetu ulitoa 0.4.

Sasa hesabu kamili ni hii:

```
jitihada = mzigo × (kimo + k × kitako) ÷ urefu
ufanisi  = kimo ÷ (kimo + k × kitako)
```

Tia namba: 0.8 jumlisha 0.4 mara 2.26 ni kama 1.705. Mara 120, gawanya kwa 2.4, unapata kilo 85. Ufanisi ni 0.8 gawanya kwa 1.705, yaani asilimia 47. Katika kila jasho 100 la vijana wale, 53 zinakwenda kupasha ubao moto.

Dalili ya 1: Kasha haliondoki kabisa

Sababu ya kwanza ni hiyo tuliyokwisha kuiona: watu hawatoshi. Mimi huhesabu kilo 25 kwa mtu mmoja anayesukuma kwa miguu iliyosimama vizuri, maana zaidi ya hapo mgongo unaanza kulipa. Kilo 85 ni watu wanne. Wawili hawatatosha hata wakipigiwa makofi.

Sababu ya pili huonekana ukisimama pembeni na kutazama mikono. Wasukumaji wengi wamesimama ardhini na kusukuma sambamba na ardhi, si sambamba na ubao. Sehemu ya nguvu yao inalikandamiza kasha kwenye ubao na kuongeza msuguano wanaopambana nao. Kwa vipimo vyetu, jitihada inapanda kutoka kilo 85 hadi 105. Mtu mzima wa tano amepotea kwa mkao tu. Tiba ni kuinama na kusukuma sehemu ya chini ya kasha kwa kufuata ubao, au bora zaidi kuvuta kwa kamba kutoka juu ya bodi, kamba ikiinuka kidogo kutoka kwenye ubao. Ikiinuka kwa nyuzi 20 hivi, inalipunguzia kasha uzito wa kuulalia ubao na jitihada inashuka hadi kilo 79. Ukiiinua zaidi sana ya hapo unaanza kupoteza tena, kwa sababu sasa unabeba badala ya kuvuta.

Ya tatu ni kuanza. Kitu kilichotulia hung'ang'ania kuliko kinachotembea, kwa hiyo hesabu iliyo juu ni ya kuendelea, na kuanza kunataka zaidi kidogo. Dawa ni kulitikisa kasha kwa mtaimbo upande mmoja huku wengine wakivuta, na likishaondoka msipumzike katikati bila sababu.

Zikishindwa hizo, pindua kasha uangalie chini. Kichwa cha msumari kilichochomoza sentimita nusu hakihesabiki kama msuguano. Hicho ni kulima. Kipige kiingie.

Kuna tiba moja maarufu isiyosaidia: kulisimamisha kasha kwa upande mwembamba ili "liguse kidogo". Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano wa vitu vikavu hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana, na mbao zetu bado zinamtii. Kasha lile lile, uzito ule ule, k ile ile. Ulichoongeza ni uwezekano wa kulipindua tu.

Simama na uite foklifti au gari lenye kreni ikiwa hesabu inadai watu wengi kuliko wanaoweza kushika kamba bila kukanyagana. Mimi mwenyewe mzigo ukizidi kilo 300 siugusi kwa ubao.

Dalili ya 2: Nimeleta ubao mrefu mara mbili, lakini wepesi siuoni

Hili ndilo linalowachanganya wengi, na ndilo lenye mafunzo mengi, kwa hiyo tulikalie.

Ubao wa mita 4.8 kwa kimo kile kile cha sentimita 80 ungepaswa, kama hakuna msuguano, kushusha jitihada kutoka kilo 40 hadi 20. Lakini kitako sasa ni mita 4.73. Rudia hesabu: 0.8 jumlisha 0.4 mara 4.73 ni 2.69, mara 120, gawanya kwa 4.8, unapata kilo 67. Umeongeza ubao maradufu, umepunguziwa kilo 18 tu. Na ufanisi umeanguka kutoka asilimia 47 hadi 30.

Sababu yake ni kwamba jitihada ina vipande viwili. Kipande cha kuinua kinapungua kadiri ubao unavyolala. Kipande cha kusuguana hakipungui. Kinaongezeka kidogo, maana ubao ukilala, kasha linaulalia zaidi. Kwenye ubao mfupi vipande hivyo vilikuwa kilo 40 na 45. Kwenye mrefu ni 20 na 47. Kurefusha ubao kunatibu kipande cha kwanza peke yake. Ukiendelea kurefusha, jitihada itakaribia kilo 48, ambazo ndizo za kuliburuta kasha hilo kwenye sakafu tambarare, na haitashuka chini ya hapo hata ubao uwe mrefu kama barabara.

Sasa tazama upande wa pili. Fundi mmoja mwenye haraka aliniambia hana haja ya ubao mrefu, ataweka wa mita 1.1 ausimamishe mkali. Kitako hapo ni sentimita 75 hivi. Jitihada inatoka kilo 120, yaani sawa sawa na kuliinua kasha mikononi bila ubao wowote. Ubao mkali zaidi ya huo unahitaji nguvu kuliko kuinua moja kwa moja. Na bado ufanisi wa ubao ule wa mita 1.1 ni asilimia 73, mkubwa kuliko yote tuliyopima.

Kwa hiyo usiutafute ufanisi ukidhani ndio wepesi. Ufanisi unakuambia ni sehemu gani ya kazi yako imeingia kwenye mzigo. Jitihada inakuambia mikono yako itabeba nini. Kwenye mteremko wenye msuguano, ubao unapolala, jitihada inapungua na ufanisi nao unapungua.

Tiba ya dalili hii ni kushughulikia kile kipande kilichokataa kupungua: k. Paka ubao sabuni ya mche iliyoloweshwa kidogo. Pima upya kwa sanduku dogo. Ubao wetu ulishuka hadi 0.2. Kwenye ubao ule ule wa mita 2.4, jitihada inakuwa kilo 63 na ufanisi asilimia 64. Sabuni ya shilingi chache imeshinda ubao wa mita 4.8. Ukitumia mapaipu ya chuma kama magogo ya kuviringishia chini ya kasha, k inaweza kushuka hadi 0.05 hivi, na jitihada inakuwa kilo 46, karibu na zile 40 za darasani.

Ila usikimbilie kupaka sabuni kabla hujasoma dalili inayofuata.

Dalili ya 3: Wakiachia tu, kasha linarudi chini

Kabla ya sabuni halikurudi. Vijana walipumzika katikati ya ubao, wakafuta jasho, kasha likawangoja. Baada ya sabuni, mmoja aliteleza mkono na kasha likashuka hadi chini.

Msuguano ule ule uliokula jasho lenu ndio uliokuwa breki. Kasha hubaki lilipo ikiwa k ni kubwa kuliko kimo gawanya kwa kitako. Kwetu, 0.8 gawanya kwa 2.26 ni 0.354. Mbao kavu zenye 0.4 zinashikilia. Zenye sabuni, 0.2, zinaachia. Na ukiichunguza fomula ya ufanisi utaona mpaka huo unaangukia mahali pamoja daima: ufanisi wa asilimia 50. Mteremko wenye ufanisi chini ya 50 hushika mzigo wenyewe. Ukizidi 50, mzigo ukiachiwa unarudi. Hakuna namna ya kupata ufanisi wa asilimia 80 na breki ya bure kwa pamoja.

Pima ukubwa wa hatari kwa kubadili alama ya kujumlisha iwe ya kutoa kwenye fomula ya jitihada. Kwa sabuni, kasha linasukuma kurudi kwa kilo 17. Mtu mmoja aliyejiandaa anaweza kulizuia. Kwa mapaipu ni kilo 34, na likishaanza kukimbia hizo kilo 34 hazitakuwa kitu ukilinganisha na mshindo wa kilo 120 zenye kasi.

Kwa mzigo wetu, mchanganyiko ninaoupenda ni ubao mrefu wa mita 4.8 pamoja na sabuni. Kimo gawanya kwa kitako ni 0.169, na k ya 0.2 bado iko juu yake, kwa hiyo kasha linakaa. Jitihada ni kilo 44. Watu wawili, wale wale wawili wa mnunuzi, na wanaweza kupumzika njiani. Ufanisi ni asilimia 46. Mwalimu wa fizikia ataona nimechagua mashine mbovu. Mimi naona nimechagua isiyomrukia mtu.

Hata hivyo 0.2 na 0.169 ziko jirani mno kwa mtu kuziamini peke yake. Sabuni hukauka mahali pamoja na kuloa pengine, na mtikisiko hupunguza ushikaji. Kwa hiyo kamba ya usalama ifungwe kwenye kasha, izungushwe mara mbili kwenye nguzo ya chuma ya bodi, na mtu mmoja aishike akiivuta kila kasha linaposogea. Mizunguko miwili inamwezesha kuzuia kwa mkono mzigo ambao asingeuweza kwa kuvutana nao. Chini ya kasha asiwepo mtu yeyote. Wanaosukuma wasimame pembeni au wahamie kwenye kamba juu. Hili silijadili na mteja, na asiyekubali atafute mpakiaji mwingine.

Mapipa ni habari ya peke yake, maana huviringika. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli lina kilo 185 hivi. Funga kamba mbili kwenye bodi, zipitishe chini ya pipa, zizunguke na kurudi juu kwa wavutaji walio ndani ya gari. Kila pipa likipanda mita moja, kamba inavutwa mita mbili, kwa hiyo kwenye ubao wa mara tatu jitihada ni sehemu moja ya sita: kilo 31 na msuguano kidogo. Ufanisi ni mzuri sana, na ndiyo maana pipa halina breki hata chembe. Kamba zizungushwe kwenye nguzo kabla mtu hajajikuna pua.

Dalili ya 4: Linapanda vizuri, kisha linakwama likipita nusu

Mara nyingi ubao umepinda. Kasha likifika katikati, ubao unabonyea, na nusu ya juu inakuwa mkali kuliko ulivyopima. Angalia kwa kukaa chini na kutazama ukingo wa ubao kasha likiwa katikati. Hii ndiyo bei ya ubao mrefu: ukirefusha mara mbili kwa unene ule ule, kubonyea kunaongezeka mara nane. Weka kigoda imara cha mbao chini ya katikati, au tumia mbao mbili za inchi 2 zikisimama kwa ubavu zikiunganishwa kwa vipande vya kukatiza.

Ukiona kubonyea hakuna, tazama juu. Kasha linapofika kwenye ukingo wa bodi, upande wake wa mbele unaning'inia hewani na uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja wa ukingo, na mara nyingi chuma cha bodi kinachimba mbao. Lainisha ukingo kwa kipande cha ubao mwembamba, kisha mtu aliye juu alishushe kasha lilale.

Sababu ya tatu ni gari lenyewe. Anayevuta kutoka juu analivuta gari lirudi nyuma kuelekea kwenye kasha, na ubao unahama mahali pake. Handibreki haitoshi, weka mawe au kabari nyuma ya magurudumu, na ncha ya juu ya ubao ifungwe kwenye bodi.

Ukisikia ubao umelia kwa mlio wa kupasuka, simama. Lishusheni kasha kwa kamba mkiwa pembeni, na ubao huo usitumike tena siku hiyo wala nyingine.

Dalili ya 5: Hesabu inatoa ufanisi uliozidi asilimia 100

Hii ni ya wanafunzi wanaofanya jaribio kwa ubao, kipande cha mti na mizani ya springi. Haiwezekani, kwa hiyo kosa limo kwenye vipimo. Mara nyingi mizani haikurekebishwa kwenye sifuri ikiwa imelala. Mizani huwekwa sifuri ikiwa imening'inia, na ikilazwa kwenye mteremko uzito wa kulabu hauivuti tena vile vile, kwa hiyo husoma pungufu. Mara nyingine jitihada imesomwa kipande kikiwa kimetulia mkono ukilegea, si kikipanda kwa mwendo usiobadilika. Hapo msuguano unakusaidia badala ya kukupinga. Au kimo kimepimwa kwenye ncha ya ubao iliyochomoza, na urefu ukapimwa hadi kwenye egemeo.

Njia ya kujikagua: kwenye mteremko mkali kiasi cha kipande kuteleza chenyewe, soma mizani kikipanda taratibu, kisha soma kikishuka taratibu kikizuiwa na mizani. Nusu ya jumla ya masomo hayo mawili inapaswa kuwa mzigo mara kimo gawanya kwa urefu. Nusu ya tofauti yake ni msuguano. Kwa kipande cha nyutani 10 kwenye ubao wa sentimita 100 ulioinuliwa sentimita 50, nusu ya jumla lazima iwe karibu na nyutani 5. Ikitoka 4, acha fizikia na urekebishe mizani.